Saa 8 ya simu na saa nane ya mdomo: niliyojifunza nilipoandika upya jumbe 146

Mwezi wa Aprili 2023 nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha huko Mutukula, upande wa Uganda, kazi ambayo kwa sehemu kubwa ni kujaza fomu, kupokea simu na kuwatuliza madereva waliochoka kusubiri. Wiki moja baada ya Idi, mwajiri wangu aliniwekea simu yake mezani na kuniambia kwamba kamati ya usuluhishi ya wafanyabiashara wa mpakani inataka mazungumzo yote ya kundi moja la WhatsApp yaandikwe upya kwa Kiswahili sanifu, kwa sababu mmoja wa wazee watatu wa kamati hiyo hasomi Kiingereza, na wawili waliobaki wamechoka kubishana juu ya maana ya kila neno. Jumbe zilikuwa 146. Nilidhani ni kazi ya jioni moja, lakini ilinichukua wiki tatu, ikanipeleka Bukoba mara mbili kwa nauli yangu mwenyewe, na kwa siku kadhaa mtu ninayemheshimu aliamini kwamba nimehongwa.

Shauri lenyewe lilikuwa la kawaida kwa watu wa mpakani. Lori lilipakia mifuko 300 ya mchele, kila mmoja kilo 50, kutoka Kahama kwenda kwa Hajati mmoja mfanyabiashara wa Masaka. Mwenye lori ni mzee wa Bukoba, na dereva wake ni kijana wa Masaka. Walikubaliana kwamba lori likifika Mutukula litasubiri saa 24 bila malipo, na baada ya hapo Hajati atalipa shilingi 150,000 za Tanzania kwa kila siku itakayoanza. Lori lilifika Jumanne tarehe 18 Aprili, katika siku za mwisho za Ramadhani, likaondoka Jumatano tarehe 19. Mzee alidai malipo ya siku moja, Hajati akasema hadaiwi hata senti, tena akadai fidia ya mifuko 12 iliyolowa mvua. Mkataba haukuwa na karatasi yoyote zaidi ya zile jumbe.

Jumbe zilikuwa za namna ambayo sote tunaandika. Hapa Uganda wengi wetu Kiswahili tumekipata sokoni, garini na kwa majirani, ilhali darasani tulifundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mtu anapotaka kutaja jambo la ofisi, mkono wake huchukua kitenzi cha Kiingereza na kukivalisha viambishi vya Kiswahili. Huu hapa ni ujumbe wa dereva, kama alivyouandika:

```
Nime-arrive saa 8, niko parking. Docs ziko na agent.
```

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla sijaandika sentensi hata moja. Nilikaa na simu ya mwajiri mkono mmoja na kompyuta mbele yangu, nikawa nanakili maneno tu, nikaacha tarehe na saa zinazoandikwa pembeni ya kila ujumbe. Niliziona kama uchafu. Nilitaka ukurasa safi unaosomeka kama barua.

Kosa la pili lilikuwa la uvivu. Nilitumia amri ya kutafuta na kubadilisha maneno, nikaiagiza kompyuta igeuze kila "truck" kuwa lori, kila "bags" kuwa mifuko na kila "documents" kuwa hati. Kwa dakika tano nilijisifu, kisha nikasoma nilichopata: "lori ime-reach", "mifuko zote ziko wet", "lori yangu". Tatizo ni kwamba maneno ya Kiingereza yanapoingia katika mazungumzo yetu, karibu yote tunayaweka katika ngeli ya I-ZI, kwa kuwa hayana kiambishi cha kutuonyesha pengine pa kuyaweka. Ukishaandika lori, neno hilo linadai li- kwenye kitenzi na la- kwenye kimilikishi. Ukiandika mifuko, sentensi nzima inadai i- na yo-. Hakuna amri ya kompyuta inayofanya hivyo kwa niaba yako. Nilifuta yote nikaanza tena, ujumbe mmoja mmoja.

Kosa la tatu ndilo lililoniumiza, na sikuligundua mwenyewe. Nilikuwa nikisoma ujumbe uliochanganywa, naugeuza wote kuwa Kiingereza kichwani, kisha narudi kwenye Kiswahili. Njia hiyo ilionekana ya uangalifu, kumbe ilikuwa ikipoteza kitu ambacho mwandishi alikuwa tayari amekisema kwa Kiswahili. Tazama ujumbe huu wa dereva wa saa tatu na dakika arobaini asubuhi:

```
Agent ame-reach, ana-check docs. Bado hazija-clear.
```

Mimi niliandika: "Wakala aliwasili na kukagua nyaraka, lakini hazikukubaliwa." Ni Kiswahili kizuri, ila si alichosema dereva. Yeye alisema wakala amefika, yaani yupo pale wakati huo. Anakagua, yaani kazi inaendelea. Na nyaraka hazijakamilika, yaani jambo linatarajiwa. Mimi nilimfanya wakala awe ameshamaliza kukagua, na nyaraka ziwe zimekataliwa. Na wakala huyo alikuwa nani? Alikuwa mwajiri wangu. Bila kukusudia, nilikuwa nimeandika kwamba ofisi yetu ilimaliza kazi yake mapema na kwamba ucheleweshaji ulitoka kwa wengine.

Baadaye nilikuja kujua kwamba wanaisimu wamelieleza jambo hili muda mrefu. Carol Myers-Scotton, aliyechunguza mazungumzo ya watu wa Nairobi wanaochanganya Kiswahili na Kiingereza, alionyesha miaka ya 1990 kwamba katika sentensi ya namna hiyo lugha hizo mbili hazigawani kazi sawa: moja ndiyo fremu inayobeba sarufi, nyingine inaleta maneno ya kupachikwa. Katika jumbe zetu fremu ni Kiswahili. Nafsi, njeo na ukanushi vyote viko katika viambishi, na Kiingereza kimeleta maana ya kitenzi tu, tena bila hata irabu ya mwisho. Kwa anayeandika upya, hili lina faida ya moja kwa moja, kwa kuwa nusu ya sentensi tayari ni sanifu. Ame- ibaki ame-, ana- ibaki ana-, hazija- isigeuzwe kuwa haziku-. Unabadilisha mzizi peke yake, kisha unarekebisha ngeli pale nomino mpya inapolazimisha. Tangu nilipoelewa hivyo, kazi ilikwenda kwa kasi maradufu.

Lakini nimeyatanguliza ya mbele. Wakati huo sikuwa najua lolote kati ya hayo, na kurasa zangu kumi na moja nilizichapisha, nikazibana pini, nikasafiri nazo hadi Bukoba ambako kamati ilikuwa ikikutana.

Mzee mwenye lori alisoma ukurasa wa kwanza kwa utulivu. Katika ukurasa wa pili alisimama. "Binti," aliniambia, "nani amekutuma uandike hivi?" Alikuwa ameweka kidole kwenye sentensi yangu: "Nimefika saa nane mchana, nipo kwenye maegesho."

Hesabu yake ilikuwa rahisi, na nilipoisikia nilihisi miguu ikilegea. Lori liliondoka Jumatano saa sita mchana. Ukihesabu kutoka saa nane mchana ya Jumanne, ni saa 22, kwa hiyo Hajati hadaiwi kitu. Lakini dereva alifika asubuhi, saa mbili kamili, na kutoka hapo hadi saa sita ya kesho yake ni saa 28. Siku ya pili ilikuwa imeanza. Kwa maneno mawili nilikuwa nimemnyima mzee shilingi 150,000, na Hajati, aliyekuwa ameketi upande wa pili, alikuwa amekwisha kukubali kurasa zangu zote bila swali.

Nilijitetea vibaya. Nilisema kwamba saa 8 ni saa nane, na saa nane ni mchana, kila mtoto anajua. Ni kweli kwa mdomo. Waswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na Waganda vilevile, kwa hiyo yule dereva angekuwa anaongea angesema saa mbili kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili. Lakini hakuwa anaongea, alikuwa anaandika, na mtu anapoandika jicho lake liko kwenye kioo cha simu ambako kumeandikwa 08:00. Anachukua tarakimu ya simu, anaitangulizia neno "saa", na hapo anakuwa amechanganya lugha mbili bila kutumia hata neno moja la Kiingereza. Mchanganyiko wa namna hii ni wa hatari kuliko wote kwa sababu hauonekani. "Nime-arrive" inakupigia kelele kwamba inahitaji kazi, ilhali "saa 8" inaonekana sanifu tayari.

Mwenyekiti, mzee mpole aliyewahi kuwa mwalimu, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ujumbe huu uliingia saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimezitupa saa zote.

Nilirudi Mutukula siku hiyo hiyo nikiwa nimenyamaza garini. Mwenye lori alikuwa amewaambia watu kwamba yule binti wa wakala amekula fedha za Hajati, na maneno ya namna hiyo mpakani hufika kabla ya basi. Mwajiri alikasirika, si kwa kosa la saa bali kwa aibu, akasema kazi ile niimalize bila malipo ya ziada.

Safari hii nilianza na ushahidi. Katika WhatsApp kuna sehemu iliyoandikwa `Export chat`. Ukiichagua na kuacha picha na sauti nje, unapata faili ya maandishi ambamo kila ujumbe una tarehe, saa na jina la aliyeutuma. Nilifanya hivyo kwa simu ya mwajiri, na mstari uliokuwa umenifedhehesha ukatoka hivi:

```
18/04/2023, 08:20 - Dereva: Nime-arrive saa 8, niko parking.
```

Mtu hawezi kusema saa mbili na dakika ishirini asubuhi kwamba amefika saa nane mchana, kwa kuwa mchana huo haujafika. Kiambishi -me- na saa ya ujumbe vilitosha kumaliza ubishi. Kanuni niliyoichukua hapo naitumia hadi leo: kila penye tarakimu ya saa, ninailinganisha na saa ya ujumbe wenyewe, na pia ninaangalia kama kitenzi kinaeleza lililokwisha kutokea au lijalo. Lililokwisha kutokea haliwezi kuwa mbele ya saa ya ujumbe. Kwa lijalo ujumbe hausaidii, hivyo ni lazima umuulize aliyeandika au utafute karatasi ya langoni. Dereva alikuwa ameandika pia "tumetoka gate at 12", na ujumbe huo ulikuwa wa 12:07, kwa hiyo ilikuwa saa sita mchana, si saa kumi na mbili jioni. Baada ya kuhakikisha, niliziandika saa zote kwa maneno, na kila moja nikaitaja kama ni ya asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Tahadhari ndogo: niliomba pia faili kutoka kwa simu ya Hajati ili nilinganishe, na tarehe zake zilitoka mwezi ukiwa mbele ya siku, kwa kuwa simu huandika faili hiyo kwa kufuata mipangilio yake yenyewe. Tarehe 18 haiwezi kudhaniwa kuwa mwezi, lakini ujumbe wa malipo ya awali uliotumwa tarehe 5 Aprili ulisomeka kama wa tarehe 4 Mei, na karibu niuhamishie mwisho wa mazungumzo.

Baada ya saa, nilikwenda kwenye ile mifuko 12. Dereva alikuwa ameandika Jumatano alfajiri:

```
Boss, bags 12 ziko wet, turubai ili-shift usiku.
```

Katika kurasa za mwanzo nilikuwa nimeandika: "Bosi, mifuko 12 imeloweshwa, turubai liliondolewa usiku." Nilipoisoma tena nilishika kichwa. Kiingereza kina namna ya kueleza hali bila kusema imetokana na nani, nasi tunaikopa tunapoandika "ziko wet" au "ziko damaged". Kiswahili kinakulazimisha kuchagua. Mfuko ukiwa umelowa, umelowa tu; ukiwa umeloweshwa, yupo aliyeulowesha. Vivyo hivyo kwa kuharibika na kuharibiwa, kupotea na kupotezwa, kuchanika na kuchanwa. Turubai likisogea, upepo unaweza kuwa umelisogeza. Likiondolewa, kuna mkono wa mtu. Sentensi yangu ilikuwa imemleta mtu wa tatu ambaye hakutajwa na yeyote, na kwa hakika Hajati alikuwa ameanza kuuliza ni mpagazi gani aliyelivua lori turubai usiku.

Niliandika upya: "Bosi, mifuko 12 imelowa, turubai lilisogea usiku." Pale ambapo ujumbe hautaji mtendaji, sasa mimi huchukua kitenzi kinachoeleza hali tu, kama kulowa au kuharibika, na sikiachi kwenda kwenye kauli ya kutendwa mpaka niwe na mtu wa kumtaja. Neno "bosi" nililiacha, kwa kuwa dereva alimwita hivyo mwenye lori na kila mtu mpakani analielewa.

Nije kwenye ujumbe mmoja ulionichukua siku mbili. Hajati aliandika Jumatano asubuhi:

```
Ime-reach but haija-clear, tuvumilie.
```

Ni nini kilichofika? Kwa kuwa katika mchanganyiko huu lori huwa "truck ime-", mzigo huwa "cargo ime-", nayo malipo huwa "payment ime-", kiambishi i- kinaweza kuelekea kokote. Kwa Kiswahili kamili jambo hili lingekuwa wazi kwa herufi moja: lori limefika, mzigo umefika, fedha zimefika. Mwenye lori alishikilia kwamba hapo Hajati alikiri lori limefika na halijatolewa forodhani. Kitenzi "clear" nacho hakikusaidia, maana katika jumbe zile zile kilikuwa kimetumika kwa nyaraka za forodha, kwa deni lililolipwa likaisha, na kwa fedha zinazosubiri benki.

Nilishawishika kuchagua maana iliyonipendeza, kisha nikakumbuka Bukoba. Nilimpigia Hajati simu.

"Hajati, samahani, ile 'ime-reach' ya Jumatano asubuhi ilikuwa nini?"

"Pesa ya yule wa Kahama, mama. Ilifika benki, wakaishikilia. Nina karatasi."

Alinitumia picha ya karatasi ya benki, na tarehe ilikuwa ile ile. Niliandika: "[Fedha] zimefika lakini bado hazijaidhinishwa na benki, tuvumilie." Neno lililo ndani ya mabano ya mraba ni langu, si la aliyeandika, na pembeni niliweka maelezo kwamba Hajati ndiye aliyelifafanua kwa simu akaonyesha karatasi ya benki. Mwenye lori hakufurahi, lakini aliona wapi maneno ya Hajati yanaishia na yangu yanaanzia.

Kuna mahali nilikuwa sahihi tangu mwanzo, nikakaribia kupigwa kwa usahihi huo. Dereva aliandika kwamba saa nne asubuhi "niliambiwa ni-extend gari", nami nikaandika "niliambiwa nisogeze gari". Mwenye lori akadai kwamba nimeficha ushahidi, kwa sababu kwake neno lile ni kuongeza muda, na kuongeza muda ndiko alikokuwa akikulalamikia. Lakini hapa Uganda kondakta wa teksi anapomwambia abiria "extend", anamtaka asogee ili mwingine akae. Kiingereza chetu kina maana zake, kama vile "balance", ambayo kwetu ni chenji na kwa mhasibu wa Bukoba ni salio. Kwa hiyo kabla hujatafuta neno katika kamusi, uliza kwanza Kiingereza hicho ni cha wapi. Niliweka maelezo ya mistari miwili pembeni, na mwenyekiti, ambaye amepanda teksi za Kampala mara nyingi, akacheka na kupitisha.

Kosa langu la mwisho lilikuwa la majivuno. Nilipotakiwa kuandika Kiswahili sanifu, nilijaribu kufuta kila kilichonukia Kiingereza, nikaandika rununu badala ya simu ya mkononi na tarakilishi badala ya kompyuta. Mzee asiyesoma Kiingereza, yule ambaye kazi yote ilifanywa kwa ajili yake, aliniuliza rununu ni mnyama gani. Alikuwa amezoea lori, risiti, benki, breki na kontena maisha yake yote, na maneno hayo yamo katika kamusi zetu, yana ngeli na yana wingi. Sasa kigezo changu ni kama neno limekwisha kuvaa tahajia na ngeli za Kiswahili na kama msomaji aliye mbele yangu analitumia.

Kurasa za pili zilikuwa na safu nne: tarehe na saa, ujumbe kama ulivyo pamoja na makosa yake ya herufi, Kiswahili sanifu, na maelezo. Sikugusa herufi hata moja katika safu ya ujumbe wa asili, kwa sababu niliyoandika mimi ni ufafanuzi, nayo kamati ilihitaji kuona kile nilichokuwa nikifafanua. Kabla ya kusafiri nilimsomea kila mmoja jumbe zake mwenyewe kwa Kiswahili kipya na kumwomba atie saini kwamba ndivyo alivyokusudia. Dereva alikuwa njiani kwenda Kahama, akasikiliza kwa simu kwa muda wa saa nzima, na alisahihisha mambo matatu ambayo nisingeyabaini peke yangu, mojawapo likiwa "kesho" aliyoiandika saa sita na nusu usiku akimaanisha mchana wa siku hiyo hiyo iliyokuwa imekwisha kuanza.

Kamati ilikutana tena Bukoba katikati ya Mei. Ilimwamuru Hajati alipe siku moja, shilingi 150,000, na mwenye lori afidie mifuko 12 kwa nusu ya bei, kwa kuwa turubai lilikuwa jukumu la dereva wake lakini mvua ile ilikuwa si ya kawaida. Wote wawili walinung'unika. Mwenye lori alinishika mkono nje ya ofisi na kusema, "Binti, nilikukosea," kisha akaniuliza kama ninaweza kumwandikia mkataba wa safari ijayo. Nilimwandikia kurasa mbili, saa zote kwa maneno.

Wiki iliyofuata lile kundi la WhatsApp liliamka tena na mzigo mpya, na ujumbe wa kwanza ulitoka kwake:

```
Truck ita-load Kahama kesho saa 3, agent ajipange.
```

Nilimpigia kabla sijajibu. Alimaanisha saa tisa alasiri.